Kabla ya Kuwarudisha Watu Ofisini, Hesabu Meza

Tarehe 16 Septemba 2024 Andy Jassy, mkurugenzi mkuu wa Amazon, aliwaandikia barua wafanyakazi wa ofisini wa kampuni hiyo. Tangu Mei 2023 walikuwa wakitakiwa kufika kazini siku tatu kwa wiki. Sasa, aliwaambia, watarudi siku zote tano kama ilivyokuwa kabla ya korona, kuanzia 2 Januari 2025. Alitaja sababu zake: watu wakikaa pamoja hujifunza upesi, hubuni kwa urahisi zaidi, na utamaduni wa kampuni huimarika. Muda wa kujiandaa ulikuwa miezi mitatu na nusu.

Desemba ilipofika, baadhi ya wafanyakazi katika miji kama Austin na Phoenix walipata ujumbe mwingine. Waliambiwa wasubiri kwanza, waendelee na utaratibu wa zamani, kwa kuwa nafasi za kukaa hazijakamilika.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa na kila meneja wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayetaka kuandika waraka wa kuwarudisha watu ofisini. Kwa nje waraka huo ni karatasi moja au mbili tu. Ndani yake lakini umegusa mkataba wa kazi, nauli, shule za watoto, afya za watu, na idadi ya meza zilizopo ghorofani. Sehemu zake kubwa ni tatu: sababu, tarehe, na utaratibu wa kuwasikiliza wale ambao sharti jipya haliwezi kuwakaa. Makampuni mengi huandika sehemu ya kwanza kwa maneno mazuri, ya pili kwa haraka, na ya tatu kwa sentensi moja: "Mwenye tatizo amwone meneja wake." Sentensi hiyo ndiyo inayozaa manung'uniko, na mara nyingine kesi.

Mwaka mmoja baada ya barua ya Jassy, tarehe 9 Septemba 2025, Microsoft nayo ilitoa tangazo lake kupitia mkuu wake wa rasilimali watu, Amy Coleman. Sharti lilikuwa siku tatu kwa wiki, na lingeingia kwa awamu. Walioanza ni wanaoishi ndani ya maili 50, yaani kilomita 80 hivi, kutoka ofisi za eneo la Puget Sound, karibu na Seattle, makao makuu yalipo. Hao walipewa hadi mwisho wa Februari 2026. Baada yao zingefuata ofisi nyingine za Marekani, kisha za nje ya Marekani. Barua ilisema wazi kwamba lengo si kupunguza wafanyakazi, na kwamba anayehitaji ruhusa maalumu aombe kabla ya 19 Septemba.

Kuna mema kadhaa ya kuiga hapo. Umbali umetajwa kwa kipimo, kwa hiyo mtu anaweza kufungua ramani na kujua kama sharti linamhusu. Awamu zimepangwa kwa eneo, si kwa cheo. Hofu ya kupunguzwa kazi, ambayo ndiyo ya kwanza kuingia moyoni mwa msomaji wa waraka wa namna hii, imejibiwa waziwazi. Dosari iko kwenye ile tarehe ya mwisho ya maombi. Siku kumi ni chache mno kwa mtu anayetakiwa kumwona daktari bingwa, kupata barua yake, na kupanga na mwenzi wake nani atampeleka mtoto shule.

Kwa msomaji wa Tanzania na Kenya, jambo la kwanza kulijua ni kwamba mahali pa kazi ni sehemu ya masharti ya ajira yanayopaswa kuandikwa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 kimeorodhesha mambo ambayo mwajiri lazima ampe mfanyakazi kwa maandishi, na mahali pa kazi ni mojawapo. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinasema hivyo hivyo, kwa maneno yanayokaribiana sana. Sheria zote mbili zinaeleza pia kinachofuata pale jambo mojawapo linapobadilika: mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe maandishi, kisha amjulishe kwa maandishi.

Kushauriana si kupiga kura. Mwajiri bado ndiye anayeendesha kazi yake. Lakini mkutano wa saa nne asubuhi ambamo watu wanasomewa uamuzi uliokwisha kufungwa, halafu wanaulizwa kama kuna swali, haustahili jina hilo. Mashauriano yanaonekana kwa alama zake: rasimu iliyotolewa mapema, muda wa kutoa maoni, na angalau jambo moja katika waraka wa mwisho linaloonyesha kwamba maoni yalisomwa.

Hapo ndipo makundi ya wafanyakazi yanapotengana. Aliyeajiriwa mwaka 2017, mkataba wake ukataja ofisi ya mtaa fulani, kisha akapelekwa nyumbani Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa, mkataba wake kwa maandishi haukubadilika. Kumrudisha ni kumrejesha kwenye kilichoandikwa, ingawa miaka imepita na amejipanga upya. Aliyeajiriwa mwaka 2022 kwa barua inayosema atafanya kazi akiwa Mwanza, wakati ofisi iko Dar es Salaam, yuko kwenye hali nyingine kabisa. Huyo hawezi kutumiwa waraka ule ule kana kwamba anarudi mahali alipowahi kuwapo. Kwake ni badiliko la mkataba, na badiliko kubwa la mkataba likilazimishwa bila ridhaa ndilo hufika mezani kwa wasuluhishi. Afisa utumishi makini huanza kwa kufungua mafaili na kusoma mkataba mmoja mmoja kabla ya kuandika hata mstari wa kwanza wa tangazo.

Turudi kwenye sababu, kwa kuwa ndizo zinazoshikilia mengine yote. Sababu kama "kuimarisha ushirikiano" haina ubaya, ila haipimiki. Meneja akiulizwa kwa nini Asha aruhusiwe kubaki nyumbani na Juma akataliwe, neno "ushirikiano" halimsaidii kujibu. Atajibu kwa kadiri anavyompenda Asha au Juma. Sababu inayotaja kazi yenyewe humpa mizani: mafaili ya wateja hayatoki ofisini, wapya wanakaa miezi mitatu bila kumwona anayewafundisha, malalamiko ya kaunta yanachelewa kwa sababu mwenye saini hayupo. Kwa sababu ya namna hiyo, anayeomba ruhusa anaweza kuulizwa swali la haki: je, kazi yako inaguswa na jambo hili?

Utafiti nao unasaidia, mradi usomwe wote. Mwaka 2024 jarida la Nature lilichapisha jaribio lililofanywa na mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake katika kampuni ya usafiri ya Trip.com nchini China. Wafanyakazi 1,612 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine wakabaki ofisini siku zote tano, wengine wakaruhusiwa siku mbili nyumbani. Walioruhusiwa waliacha kazi kwa kiwango kilichopungua kwa theluthi moja, na tathmini za kazi zao katika miaka miwili iliyofuata hazikuonyesha kushuka. Kwa hiyo kampuni inayodai kwamba siku mbili za nyumbani zinaharibu kazi inapaswa kuleta ushahidi wake yenyewe. Lakini jaribio lile halikupima kazi ya nyumbani siku zote tano. Na upande wa pili upo: wachumi watatu wa Marekani, Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais, waliwachunguza waandishi wa programu wa kompyuta katika kampuni kubwa, wakakuta kwamba waliokaa jengo moja na wenzao walipata maoni na masahihisho mengi zaidi juu ya kazi yao, hasa waliokuwa wageni kazini. Gharama ilibebwa na wazoefu, ambao walitoa kazi yao wenyewe kidogo zaidi kwa sababu walikuwa wakifundisha.

Ukiunganisha hayo mawili, sababu yenye nguvu kuliko zote ni mafunzo ya wapya. Na sababu hiyo ina deni lake. Kama wapya wanarudi ili wafundishwe, basi wanaofundisha lazima wawepo siku hizo hizo, wakurugenzi wakiwamo. Kijana anayepanda daladala mbili kutoka Chanika, akafika ofisini na kukuta mkuu wake yuko kwenye kikao cha video akiwa nyumbani kwake, anajua papo hapo kwamba sababu aliyoandikiwa haikuwa ya kweli.

Kesi mbili za nje zinaonyesha vizuri jinsi sababu inavyogeuka kuwa hukumu. Ya kwanza ni ya Uingereza. Mamlaka ya kusimamia huduma za fedha ya nchi hiyo, FCA, ilitaka wafanyakazi wake wawe ofisini asilimia 40 ya muda wao. Meneja mmoja mwandamizi aliomba mwishoni mwa 2022 afanye kazi nyumbani muda wote. Mwajiri alikiri kwamba anafanya kazi vizuri, lakini akaeleza kwa mahususi kitakachopotea: kuwapokea na kuwafundisha wapya, kushiriki mafunzo na mikutano ya ndani, kuongoza timu uso kwa uso. Baraza la kazi likakubaliana na mwajiri kwenye uamuzi huo. Hata hivyo likamtoza fidia ya pauni 643, kiasi cha mshahara wa wiki moja kwa kikomo cha sheria, kwa sababu alichelewa kujibu ombi. Alikuwa na haki katika jambo, akakosea katika muda.

Ya pili ni ya Australia, Oktoba 2025. Mfanyakazi wa siku nyingi wa benki ya Westpac, mama wa pacha wa miaka sita, alikuwa akishughulikia mikopo ya nyumba. Aliishi mbali kusini-magharibi mwa Sydney na aliomba kufanya kazi nyumbani ili aweze kuwapeleka na kuwachukua watoto shule. Benki ilimtaka ofisini siku mbili kwa wiki. Tume ya kazi ya nchi hiyo ilimpa mama huyo haki. Sheria inamtaka mwajiri ajibu kwa maandishi ndani ya siku 21, na benki haikutimiza hilo. Haikufanya majadiliano ya kweli ya kutafuta njia nyingine. Na zaidi ya yote, ushahidi ulionyesha kwamba kazi yake ilikuwa imefanyika kutoka nyumbani kwa miaka, kwa mafanikio, muda ukizingatiwa. Sababu ya jumla ya benki haikugusa kazi ya mtu huyu mmoja.

Maamuzi hayo hayafungi mahakama za kwetu. Yanachofundisha ni kwamba sera ya jumla haitoshi kumjibia mtu mmoja, na kwamba kalenda ya kujibu ina uzito sawa na jibu lenyewe.

Sasa tarehe, na hapa hesabu ya meza ndiyo inaanza. Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye vipimo vya kawaida vya mjini: ofisi ya bima katikati ya Dar es Salaam, wafanyakazi 84, meza 50. Wakati wa korona kampuni iliachia ghorofa moja ili kuokoa kodi, ndiyo maana meza ni pungufu. Mkurugenzi anataka siku tatu kwa wiki. Watu 84 mara siku tatu ni mahudhurio 252 kwa wiki. Yagawe kwa siku tano: watu 50 na zaidi kidogo kila siku. Kwa wastani tu, ofisi imekwisha kujaa, na hakuna meza hata moja ya mkaguzi au mgeni kutoka tawi la Dodoma.

Tena watu hawaji kwa wastani. Wakiachiwa wachague, wengi hukwepa Jumatatu na Ijumaa, kisha Jumanne hadi Alhamisi ofisi inafurika. Watu 84 kwenye meza 50 maana yake 34 wanakaa kantini wakiwa na kompyuta mapajani, na simu za wateja zinapigwa ngazini. Siku mbili kwa wiki hesabu inabadilika: mahudhurio 168, wastani wa watu 34 kwa siku. Nafasi inabaki hata siku yenye watu wengi, mradi siku zigawanywe kwa idara. Kwa hiyo ofisi hii haiwezi kuanza na siku tatu. Inaweza kuanza na mbili, na kufika tatu pindi meza 20 zaidi zitakapokuwa zimewekwa, intaneti imeongezwa, na jenereta imejaribiwa ikiwa na mzigo wote.

Serikali ya jimbo la Ontario, Kanada, ilifuata ngazi za namna hiyo: Agosti 2025 iliwatangazia watumishi wake kwamba wangetoka siku tatu kwenda nne kuanzia 20 Oktoba, na kufika tano tarehe 5 Januari 2026. Linganisha na Marekani. Rais Trump alitia saini agizo la kuwarudisha watumishi wa serikali kuu ofisini siku ile ile aliyoapishwa, 20 Januari 2025, na mwongozo uliofuata siku mbili baadaye ukapendekeza utekelezaji ndani ya siku 30 hivi. Mwongozo huo uliwaweka kando wenye ulemavu, wenye maradhi yanayostahili, na wenye sababu nyingine nzito iliyothibitishwa na wakuu wao. Lakini siku 30 kwa taasisi kubwa kiasi hicho hazikutosha, na baadhi ya waliorudi walikuta majengo hayana nafasi ya kuwapokea.

Kwetu kuna kalenda nyingine ya kuzingatia, nayo ni ya shule. Tanzania na Kenya mwaka wa masomo huanza Januari. Mzazi aliyemsajili mtoto shule ya karibu na nyumba ya pembezoni, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa nyumbani saa nane mchana, hawezi kuhamisha mtoto Machi bila kupoteza ada. Mpangaji naye mara nyingi amelipa kodi ya miezi sita au mwaka. Awamu nzito ikiangukia Januari, watu wanaweza kupanga shule, nyumba na msaidizi wa kazi za ndani kwa pamoja.

Waraka wa ofisi ile ya bima, ukiandikwa kwa uangalifu, ungeweza kusomeka hivi:

"Kuanzia 2 Novemba 2026 kila mfanyakazi aliye Dar es Salaam atafika ofisini siku mbili kwa wiki, na kuanzia 11 Januari 2027 siku tatu. Siku za kila idara zimeambatishwa. Sababu ni mbili: wafanyakazi wapya 19 walioingia mwaka huu hawapati usimamizi wa karibu, na mafaili halisi ya madai hayaruhusiwi kutoka ofisini. Awamu ya pili haitaanza kabla ya meza 20 mpya kuwa tayari. Rasimu hii imetolewa 7 Septemba. Maoni yatapokelewa hadi 21 Septemba. Mwenye hali inayomzuia kutimiza sharti hili lote au sehemu yake aombe ruhusa maalumu kabla ya 9 Oktoba. Atajibiwa kwa maandishi si zaidi ya 23 Oktoba. Asiyeridhika atakata rufaa ndani ya siku saba, na hatatakiwa kubadili utaratibu wake hadi rufaa iamuliwe. Mkataba wa asiyeishi Dar es Salaam hauguswi na waraka huu. Atazungumza na idara ya utumishi peke yake."

Maneno si mengi. Kila tarehe ina kazi yake, na sentensi ya meza 20 inamfunga mwajiri mwenyewe, jambo linalojenga imani kuliko aya nzima kuhusu utamaduni wa kampuni. Neno lililotumika ni "ruhusa maalumu". Ofisi nyingine huandika "msamaha", na neno hilo linastahili kuachwa, maana mgonjwa au mama anayenyonyesha hajakosa lolote hata asamehewe.

Maombi yanapoanza kuingia ndipo haki ya waraka inapopimwa. Tuyafuate mawili.

La kwanza ni la mhasibu anayeishi Kibaha, mwenye mtoto wa miezi saba. Sheria ya Tanzania inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kwenda kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Akiwa nyumbani haki hiyo ni rahisi. Akiwa Posta, saa mbili hazimtoshi kwenda Kibaha na kurudi, na foleni ya Barabara ya Morogoro kila mtu anaijua. Kamati inaangalia zile sababu mbili. Mhasibu huyu hashiki mafaili ya madai, kwa hiyo sababu ya pili haimgusi. Lakini anamsimamia mhasibu mpya mmoja, kwa hiyo ya kwanza inamgusa kidogo. Uamuzi: atafika siku moja kwa wiki, siku ambayo yule mpya yuko zamu; siku hiyo atatoka saa mbili kabla ya wengine, na atapewa chumba chenye kufuli na jokofu kwa ajili ya kukamua maziwa. Ruhusa itadumu hadi mtoto afikishe mwaka mmoja na nusu, kisha itaangaliwa upya.

La pili ni la karani wa madai mwenye maradhi ya uti wa mgongo. Ameleta barua ya daktari inayosema hawezi kukaa kwenye gari zaidi ya dakika 40 mfululizo, wala kukaa kitini zaidi ya saa moja bila kusimama. Barua haitaji jina la ugonjwa, na haihitaji kulitaja. Mwajiri anahitaji kujua mtu hawezi nini, si anaumwa nini. Tatizo ni kwamba mafaili ya madai ndiyo kazi yake. Kumkatalia moja kwa moja kungekuwa kosa, kwa kuwa sheria ya ajira inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Kumkubalia moja kwa moja nako kungewaachia wenzake mzigo wote wa mafaili. Kamati inampigia simu, na yeye mwenyewe ndiye anayetoa njia: atafika siku moja kwa wiki, saa tano asubuhi foleni ikiwa imepungua, afanye kazi ya mafaili kwenye meza inayopandishwa na kushushwa, siku nyingine atachukua barua na simu za wateja, kazi ambayo wenzake wangependa kuipunguza. Simu hiyo moja ya dakika kumi na tano iliokoa kinachoweza kuwa mgogoro wa mwaka mzima.

Katika yote mawili, anayeamua si mkuu wa idara peke yake. Mkuu wa idara anatoa maelezo ya kazi, lakini uamuzi ni wa watu watatu: mtu wa utumishi, meneja wa idara nyingine, na mwakilishi wa wafanyakazi au wa chama cha wafanyakazi pale kilipo. Sababu yake ni ya kibinadamu. Mkuu wa idara ana anaowazoea na ana malengo ya mwezi. Akiachiwa peke yake, atamruhusu hodari asiyetaka kumpoteza na kumkatalia aliye dhaifu, ambaye pengine ndiye mwenye haja zaidi. Rufaa nayo isikilizwe na mtu ambaye hakuwamo kwenye uamuzi wa kwanza, la sivyo ni kurudia mlango ule ule.

Daftari la maamuzi ni chombo kidogo kinachosahauliwa. Linahitaji safu chache tu: tarehe ya ombi, tarehe ya jibu, aina ya sababu bila undani wa kitabibu, uamuzi, na tarehe ya kuangalia upya. Baada ya miezi mitatu mtu wa utumishi akilifungua ataona yasiyoonekana kwa ombi mojamoja. Kama idara moja imekubali maombi tisa kati ya kumi na nyingine imekataa yote, kuna la kuulizwa. Kama wanawake wanaombea malezi wanakubaliwa na wanaume wenye sababu hiyo hiyo wanakataliwa, kuna la kurekebisha haraka. Na kama kuna watu ambao hawaonekani ofisini na hawamo daftarini, basi ruhusa za chinichini zimeanza, na wenzao wanaofika kwa mvua na foleni wanazijua zote kwa majina.

Dalili nyingine ya utaratibu ulioharibika ni watu kuacha kuomba. Ofisi yenye watu 84 ikipata maombi mawili tu, si lazima iwe habari njema. Huenda wafanyakazi wameona kwamba aliyeomba mwanzoni alinyimwa mafunzo au alipangiwa zamu mbaya. Waraka mzuri unasema waziwazi kwamba ombi haliingii kwenye tathmini ya kazi, na mwenye kuusaini anahakikisha inakuwa hivyo.

Mfanyakazi naye ana sehemu yake. Ombi lisiwe hadithi ndefu ya ugumu wa maisha. Litaje sharti gani linalomshinda, kwa nini, kwa muda gani, na anapendekeza nini badala yake. Asisubiri siku ya mwisho, na asiache kufika ofisini kabla ya kujibiwa, maana utoro utafunika haki yote aliyokuwa nayo. Atunze nakala ya waraka, ya ombi lake lenye tarehe, na ya jibu alilopewa. Nchini Tanzania, anayeamini ameachishwa kazi isivyo halali kwa sababu ya sharti kama hili ana siku 30 tu za kufungua mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Siku hizo huanza kuhesabiwa tangu jambo lenyewe lilipotokea.